Viazi vichungu vya Agosti: kumtambua fukuzi kwa picha za marando yaliyopasuka na viazi vilivyokatwa

Katikati ya Agosti nilipokea kwenye simu picha nne kutoka kwa mama mmoja anayelima viazi vitamu katika kata moja ya wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, ninakofanya kazi ya ugani. Chini ya picha hizo alikuwa ameandika maneno machache: viazi vya shamba la kule chini vimekuwa vichungu hata vikiiva vizuri, wajukuu wamevikataa, na anadhani marando aliyopewa na shemeji yake mwezi wa pili yalikuwa ya mbegu chungu, kwa hiyo anaomba nimtafutie mbegu nyingine. Kuhusu mdudu hakuuliza neno. Laiti ningemjibu kwa kufuata ombi lake, angepata mbegu nyingine, angeipanda palepale, na Agosti iliyofuata tungekuwa tunazungumza habari ileile.

Picha ya kwanza ilionyesha shamba kwa mbali kidogo. Majani yalikuwa yamepungua na baadhi yamekuwa ya njano, jambo lisilo la ajabu kwa shamba lililopandwa mwishoni mwa Februari na kukaa bila mvua tangu Mei. Kilichonivutia macho ni matuta yenyewe: udongo mweusi wa mfinyanzi ulikuwa umepasuka, na nyufa nyingine zilikuwa pana kiasi cha kuingiza kidole. Picha ya pili ilikuwa ya shina la rando, pale linapotoka udongoni. Lilikuwa limenenepa kuliko sehemu ya juu yake, limekuwa gumu kama kijiti, na ganda lake limepasuka kwa urefu. Picha ya tatu ilikuwa ya viazi vitatu vizima juu ya gunia, vikiwa bado na udongo, na ya nne ilikuwa ya kiazi kimoja kilichokatwa kwa upana, chenye nyama nyeupe na madoa ya kahawia yaliyotawanyika.

Kwa mtu aliyewahi kumwona fukuzi wa viazi vitamu, mdudu ambaye mabuu wake hula ndani ya marando na ndani ya viazi, picha hizo nne zinamtaja moja kwa moja, na nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa hilohilo. Hata hivyo kila picha, ukiitazama peke yake, ilikuwa na maelezo mengine yanayowezekana. Shina la rando hunenepa na kupasuka mabuu wa fukuzi wanapokula ndani yake, lakini hunenepa na kupasuka vilevile likishambuliwa na kiwavi wa nondo fulani ambaye naye huishi ndani ya rando. Isitoshe, shina lililozeeka kwenye jua kali linaweza kuchanika ganda bila mdudu yeyote. Madoa ya kahawia kwenye kiazi kilichokatwa kwa upana yanaweza kuwa njia za mabuu zilizokatwa katikati, lakini yanaweza pia kuwa madoa magumu yanayoletwa na virusi, au rangi ya kawaida tu, kwa sababu nyama ya kiazi kitamu hubadilika kuwa ya kahawia ikikaa hewani, na utomvu wake mweupe hukauka ukawa mweusi. Nilipouliza, mama alinieleza kwamba kiazi kile alikikata asubuhi kwa ajili ya kupika, akakipiga picha saa sita mchana mjukuu mwenye simu aliporudi. Kwa hiyo sehemu ya ile rangi niliyokuwa naitazama haikuhusiana na ugonjwa wala mdudu, ilikuwa ni saa kadhaa za hewa na jua.

Uchungu wenyewe ulikuwa ushahidi mzito zaidi kuliko picha. Iwapo mbegu ina ladha mbaya, viazi vyote vya mbegu hiyo vina ladha hiyo, kwenye kila shina na tangu siku ya kwanza ya kuchimba. Nilimpigia simu nikamwamkia, na baada ya habari za nyumbani nikamuuliza kama alikuwa amekula viazi vya shamba lile mwanzoni.

"Mwanangu, mwezi wa saba tulivila vizuri kabisa," alisema. "Tena vitamu. Vimeharibika hivi karibuni, na si vyote. Unaweza kupika sufuria moja, viwili vikawa vichungu na vingine vizima."

Jibu hilo lilitosha kuiondoa mbegu kwenye orodha ya watuhumiwa. Uchungu unaokuja baadaye, unaochagua kiazi kimoja na kukiacha kingine ndani ya sufuria moja, ni uchungu unaotengenezwa na kiazi chenyewe baada ya kujeruhiwa. Buu wa fukuzi anapotafuna nyama, kiazi hujibu kwa kutoa kemikali za jamii ya terpini, ambazo ni sumu ya kujilinda. Ndizo zinazoleta ladha chungu na ile harufu kali inayokaribia harufu ya tapentaini ya wapaka rangi, na kupika hakuziondoi. Jambo ambalo wakulima wengi hawalitegemei ni kwamba kiasi kidogo sana cha kemikali hizo kinatosha kuharibu ladha, na kwamba haziishii kwenye njia aliyopita buu. Ndiyo maana ukikata sehemu yenye matundu na kuitupa, sehemu iliyobaki, nyeupe na safi kwa macho, inaweza kuwa chungu vilevile. Mama huyu alikuwa amefanya hivyo kwa wiki mbili, na ndicho kilichomfanya aamini kwamba tatizo ni la mbegu: alikuwa anapika nyama ya kiazi isiyo na doa lolote, na bado watoto wanaitema.

Uozo mweusi, ambao ni ugonjwa wa ukungu, nao hufanya viazi kuwa vichungu. Lakini huo huacha madoa meusi ya mviringo yaliyobonyea kwenye ganda, na hauna njia ndani. Kwenye picha ya tatu sikuona madoa ya namna hiyo, ingawa udongo ulificha mengi.

Nikamwomba anipigie picha nyingine, safari hii kwa utaratibu. Nilimwambia achimbe viazi vitano kutoka mashina tofauti, avioshe, avikaushe kwa kitambaa, kisha apige picha kivulini kwa mwanga wa mchana bila taa ya simu, kwa kuwa jua la moja kwa moja hufuta vivuli vya matundu madogo na taa ya simu hung'arisha ganda lenye maji. Kando ya kila kiazi aweke njiti ya kiberiti ili nipate kipimo, maana katika picha isiyo na kipimo tundu la fukuzi na tundu la jongoo yanaweza kuonekana sawa. Halafu amenye ganda kwa wembamba upande wenye vitundu na apige picha kabla hajakata. Baada ya hapo akate kwa urefu, kuanzia kikonyoni, kisu kikipita katikati ya tundu mojawapo, na apige picha papo hapo. Mwisho achukue rando lililopasuka, alipasue lote kwa urefu, na kama kuna kitu ndani akidondoshe juu ya kitu cheusi.

Sababu ya kukata kwa urefu ni rahisi ukiifikiria. Njia ya buu hupinda ndani ya kiazi, na kisu kinachokata kwa upana huikata sehemu moja na kuionyesha kama kidoa tu, kisichotofautiana sana na doa la ugonjwa. Kisu kinachofuata urefu wa kiazi huifungua njia yenyewe, ukaona inatoka wapi, inakwenda wapi na imejaa nini. Tena kuanzia kikonyoni kuna maana yake: fukuzi mkubwa hana uwezo wa kuchimba udongo, kwa hiyo hukifikia kiazi kupitia ufa au pale kinapochungulia juu ya tuta, na mara nyingi sehemu inayofikiwa kwanza ni ile ya juu, karibu na shina.

Picha za pili zilikuja siku iliyofuata, kumi na moja kwa jumla, na mjukuu alikuwa amezifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Kati ya viazi vitano vilivyooshwa, vitatu vilikuwa na vitundu vya mviringo vilivyokusanyika karibu na kikonyo. Karibu vyote vilikuwa vyembamba kuliko unene wa njiti au sawa nao. Hilo peke yake lilimwondoa jongoo, ambaye huacha shimo pana lenye kingo zilizoliwa ovyo na mara nyingi lenye udongo ndani, na likamwondoa pia yule funza mkubwa wa udongoni, ambaye hukwangua kiazi kwa nje na kuacha vidimbwi vipana visivyoingia mbali.

Picha niliyoikuza muda mrefu zaidi ilikuwa ya kiazi cha pili, upande uliomenywa. Palikuwa na vitundu vya aina mbili vilivyochanganyika. Vingine vilikuwa wazi, vyenye kina kidogo, vikiwa na kingo safi kama vimechomwa kwa ncha ya msumari mdogo. Hivyo ni vya fukuzi wakubwa waliokuwa wakila tu. Vingine havikuwa na kina kama hicho, lakini kila kimoja kilikuwa na kizibo cha rangi ya kijivu iliyoiva. Jike la fukuzi hutafuna kishimo, hutaga humo yai moja, kisha huliziba kwa kinyesi chake. Kwenye ganda la kiazi ambacho hakijaoshwa kizibo hicho hufanana kabisa na punje ya udongo, na ndiyo sababu picha za siku ya kwanza hazikuonyesha kitu. Mdudu mwingine wa viazi anayeacha alama za namna hizo mbili pamoja simjui, na kama ningelazimika kuchagua picha moja tu ya kutegemea, ningechagua hiyo ya kiazi kilichomenywa kuliko ya kilichokatwa.

Kiazi kilichokatwa nacho kilithibitisha. Njia zilianza chini ya ganda karibu na kikonyo, zikapinda kuelekea katikati, nyembamba mwanzoni na pana zaidi mbele, kwa sababu buu alikuwa anakua huku anakula. Kingo zake zilikuwa zimegeuka kahawia inayokaribia nyeusi, na ndani zilikuwa zimejaa unga mzito wa kinyesi. Kujaa huko ndiko kunakotenganisha njia ya fukuzi na shimo tupu la mdudu anayeingia, akala na kutoka. Nyama iliyozunguka njia ilikuwa imelowa kidogo, na kwenye kiazi kimoja ilikuwa imeanza kuwa kama sponji.

Kulikuwa na tatizo moja. Buu wa fukuzi ni mweupe, na nyama ya kiazi kile ni nyeupe, kwa hiyo kwenye picha za viazi sikuweza kumwona hata mmoja. Kwenye viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa huonekana haraka, lakini kwenye kiazi cheupe macho huchoka bure. Hapo ndipo kile kitu cheusi kilipofanya kazi yake. Mama aligeuza sufuria, akagongesha kiazi juu ya tako lake lenye masizi, na picha ikaonyesha mabuu wawili weupe juu ya weusi, wamejikunja kidogo, vichwa vya kahawia, bila miguu yoyote. Urefu wa mkubwa wao haukufikia robo ya njiti.

Nilisisitiza suala la miguu kwa sababu ya marando. Alikuwa amepasua mawili, na picha zake zikavuruga hadithi iliyokuwa imeanza kunyooka. Rando la kwanza lilikuwa na njia iliyojaa kinyesi, na buu mmoja asiye na miguu, sawa na wale wa kwenye kiazi. Rando la pili, ambalo kwa nje lilikuwa limenenepa na kupasuka zaidi kuliko la kwanza, na ambalo ndilo lililopigwa picha siku ya kwanza, lilikuwa na kiwavi mrefu zaidi mwenye vijiguu vinavyoonekana na michirizi ya kahawia kwenye mwili unaopitisha mwanga. Huyo ni kiwavi wa nondo. Karibu na ufa palikuwa hata na ganda la pupa wa ndugu yake aliyekwisha kuruka, limechomoza nusu nje ya shina, dalili ambayo fukuzi haachi kamwe.

Maana yake ni kwamba ile picha ya rando iliyonifanya nimfikirie fukuzi tangu mwanzo ilikuwa ya mdudu mwingine. Jibu lilikuwa sahihi, ila ushahidi niliokuwa nimeuegemea haukuwa wake. Tangu siku hiyo sihesabu rando lililopasuka kama dalili ya fukuzi mpaka liwe limepasuliwa na aliyemo ameonekana.

Nilikwenda shambani siku tatu baadaye, maana picha huchaguliwa na mpigaji na haiwezi kusema ni sehemu gani ya shamba imeharibika. Tulichimba mashina kumi katika kila sehemu kati ya tatu. Upande wa juu, unaopakana na shamba lililokuwa na viazi mwaka uliotangulia, tulipata viazi 24, na 17 kati yake vilikuwa na vitundu. Katikati tulipata 27, na 9 kati yake vilikuwa na vitundu. Upande wa chini, ambako udongo una mchanga zaidi na matuta hayakupasuka, tulipata 23, na viwili tu ndivyo vilivyokuwa vimeguswa. Kwa jumla ni 28 kati ya 74.

Mtu anaweza kusema kwamba fukuzi walitoka shamba la zamani wakaanzia pale walipofikia kwanza. Mwingine anaweza kusema kwamba waliingia palipokuwa na nyufa. Katika shamba hili mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, upande wenye jirani mbaya ukiwa ndio wenye udongo unaopasuka, na sikuwa na njia ya kuyatenganisha. Ninachoweza kusema ni kwamba chanzo cha wadudu kilikuwepo dhahiri: katika lile shamba la zamani tulikuta maotea, yaani viazi vilivyojiotea vyenyewe, yamestawi, na tulipochimba tukakuta viazi vilivyosahaulika, vimejaa njia kuukuu na mpya. Kwa upande mwingine, mashina kadhaa ya upande wa chini yalikuwa yamepasuka na tulipoyapasua yalikuwa na mabuu wa fukuzi, lakini viazi vyake vilikuwa salama. Fukuzi walikuwa wamefika huko na wametaga kwenye marando, ila hawakupata mlango wa kushuka kwenye viazi. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwamba nyufa za tuta ndizo zilizoamua.

Muda nao unaeleza mengi. Kutoka yai hadi fukuzi mkubwa huchukua takriban mwezi mmoja au zaidi kidogo katika joto la kwetu, na mkubwa huishi wiki nyingi akiendelea kutaga. Matuta yalianza kupasuka baada ya mvua kuisha, tuseme mwanzoni mwa Juni. Kufikia katikati ya Agosti vizazi viwili vilikuwa vimeweza kupita, na ndiyo sababu viazi vya Julai vilikuwa vitamu ilhali vya Agosti vilikuwa vichungu. Mama alikuwa akichimba kidogo kidogo, kila siku vya kula, kama tunavyofanya wengi Kanda ya Ziwa, ambako shamba ndilo ghala. Utaratibu huo una faida zake na siulaumu, lakini kwenye udongo unaopasuka una gharama mbili: viazi vinavyosubiri hukaa wazi kwa fukuzi, na kila shina linalochimbwa huacha tuta limefunguka pembeni.

Kulikuwa na jambo lingine alilolitaja tulipokuwa tunachimba, tena kwa aibu kidogo. Wiki moja kabla ya kunitumia picha alikuwa amenunua dawa ya wadudu kwenye duka la pembejeo, akapulizia majani mara mbili. Nilimwonyesha kiazi kilichopasuliwa. Yai liko chini ya kizibo, buu yuko ndani ya nyama, pupa yuko humohumo, na dawa iliyopuliziwa kwenye majani haimfikii hata mmoja wao. Inaweza kuua baadhi ya wakubwa wanaotembea juu, lakini wale walioshuka kwenye nyufa hubaki. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba alikuwa anachuma matembele ya shamba hilohilo kwa mboga. Tulisoma pamoja lebo ya chupa kuhusu siku za kusubiri, naye akasimamisha kuchuma hadi zipite.

Aliuliza pia kama viazi vilivyoharibika anaweza kumpa ng'ombe. Nilimwambia hapana. Kiazi kitamu kilichojeruhiwa na kisha kushikwa na ukungu kinaweza kutengeneza sumu inayoshambulia mapafu ya ng'ombe, mnyama akapumua kwa shida na kufa, na kwa macho huwezi kujua ni kiazi kipi kimefikia hatua hiyo.

Uamuzi tuliofikia ulikuwa kuchimba shamba lote ndani ya juma moja, badala ya kuendelea kuchimba cha siku. Viazi viligawanywa mafungu mawili tu. Chenye kitundu chochote, hata kimoja, kilikwenda shimoni pamoja na marando yote ya zamani, na shimo likafukiwa kwa udongo wa kutosha na kushindiliwa, kwa sababu kiazi kilichoachwa pembeni mwa shamba huendelea kutoa fukuzi kama kilivyokuwa ardhini. Nilikataa fungu la tatu la viazi vya kukata sehemu mbaya, ingawa mama alisikitika kuona viazi vikubwa vikitupwa kwa sababu ya vitundu viwili. Tulipikia kimoja hapohapo ili tusibishane. Tulikata upande usio na doa, tukauchemsha, na aliyeonja wa kwanza aliutema.

Kwa msimu uliofuata sikubadilisha mbegu yake. Sijui mbegu ya viazi vitamu isiyoguswa kabisa na fukuzi, ingawa zile zinazotia viazi chini zaidi huponea kuliko zile zinazovitoa karibu na uso wa tuta, na yake ilikuwa ya kawaida tu. Tulibadilisha mambo matatu. Shamba lilihamishiwa upande wa chini wenye mchanga, mbali na maotea, ambayo yeye na jirani waliyang'oa pamoja. Marando ya kupanda yalikatwa kwenye ncha tu, urefu wa sentimita 25 hadi 30, kwa kuwa fukuzi hutaga zaidi kwenye sehemu iliyokomaa karibu na shina. Tulipopasua machache ya ncha kwa majaribio hatukukuta kitu, na tulipopasua ya shinani tulikuta. Jambo la tatu ndilo zito kwa mikono: kupandishia udongo kwenye matuta wakati wa palizi na tena viazi vinapoanza kunenepa, kisha kurudi kufukia kila ufa unaojitokeza mvua zinapokoma, na kumaliza kuchimba kabla kiangazi hakijakolea.

Fungu la viazi vizima, magunia mawili, lilinipa somo la mwisho. Gunia moja walilifanya michembe, yaani vipande vya kukaushwa juani, siku mbili baadaye. Viazi viliponywea kidogo na kukatwa vipande, walikuta njia changa katika vitatu ambavyo kwa nje vilionekana safi, wakavitupa. Gunia la pili liliwekwa chumbani kwa ajili ya kula. Baada ya wiki tatu hivi nilipata picha nyingine: mdudu mweusi tii mwenye mdomo mrefu kama mkonga, mwili unaofanana na wa sisimizi mnene, amesimama kwenye mfuniko wa ndoo kando ya njiti ya kiberiti ambayo safari hii hakuna aliyewaambia waiweke. Ndiye fukuzi mkubwa wa kwanza niliyemwona katika kisa chote. Kwa weusi wake wote, bila ile shingo nyekundu ya fukuzi wa aina inayoonekana pwani ya Kenya na huko Asia, na kwa ukubwa wake, nilimhesabu kuwa Cylas puncticollis, ambaye kwetu hupatikana pamoja na nduguye mdogo zaidi, Cylas brunneus. Alikuwa ameingia nyumbani akiwa bado buu, amejificha ndani ya kiazi tulichokichagua sisi wenyewe kuwa kizima, kikiwa kimeoshwa haraka na hakijamenywa.